Bomba la Kwenda Handeni na Njia Ndefu Kuliko Zote

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Ujenzi wake ulikuwa umeanza Tanga mwaka 1893, na kutoka Tanga hadi Korogwe ni kilomita 84. Miaka tisa kwa kilomita 84: hata kwa enzi za jembe, sururu na karai, huo ni mwendo wa kinyonga.

Sababu haikuwa milima, maana Usambara inaachwa pembeni na njia inapita chini yake. Kampuni binafsi iliyoundwa Ujerumani mwaka 1891 ndiyo iliyoanza kazi, ikafika Muheza mwaka 1896, takriban kilomita 40 kutoka baharini, na hapo fedha zikakauka. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua reli hiyo na kuisogeza mbele hadi Korogwe, kisha Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi mwanzoni mwa muongo uliofuata.

Mtu anayepanga miradi akiitazama historia hiyo leo ataona jambo jingine pia. Reli ya namna ile ilijibeba yenyewe. Vyuma na saruji vilishushwa bandarini Tanga na kusafirishwa juu ya njia iliyokwisha kulazwa, hadi pale ilipoishia. Kipande cha pili hakikuweza kuanza kabla ya kipande cha kwanza kumalizika, wala cha tatu kabla ya cha pili. Kazi zote zilikuwa mnyororo mmoja, na ukisimamisha pete moja umesimamisha mnyororo mzima. Hakuna aliyehitaji hesabu ngumu kujua ni kazi gani inayochelewesha mradi, kwa sababu kila kazi ilikuwa ndiyo hiyo.

Ugumu unaanza pale kazi zinapoweza kwenda pamoja.

Mwaka uleule ambao mataruma yalifika Muheza, mhandisi wa Kipolandi Karol Adamiecki alikuwa akihangaika na viwanda vya chuma vilivyokuwa na kazi nyingi sambamba. Alitengeneza mchoro alioupa jina la harmonogramu: vipande vya karatasi vilivyosogezwa juu na chini, kila kimoja kikiwa na kazi yake, muda wake, na kazi zinazopaswa kuitangulia. Mchoro huo haukuenea. Uliotawala ulimwengu ni ule wa Mmarekani Henry Gantt, wenye milia mirefu na mifupi iliyopangwa kwa tarehe, ambao hadi leo unabandikwa kwenye kuta za ofisi za wakandarasi. Mstari wa Gantt unakuonyesha kazi inaanza lini na inaisha lini. Lakini mstari mmoja ukiteleza wiki mbili, mchoro wenyewe haukuambii ni mistari gani mingine itakayoteleza nao.

Zikapita karibu miaka 60 kabla ya mtu kuligeuza swali hilo kuwa hesabu kamili. Mwishoni mwa 1956, kampuni ya kemikali ya Du Pont ya Marekani ilikuwa na kompyuta ya UNIVAC I, mashine kubwa na ya gharama, na ikataka kujua kama inaweza kuwasaidia wahandisi wake kupanga ujenzi wa viwanda. Kwa upande wa Du Pont alikuwepo Morgan Walker. Kwa upande wa Remington Rand, watengenezaji wa UNIVAC, alikuwepo mwanahisabati kijana, James Kelley. Mwaka 1957 wawili hao wakaanza kazi.

Mtihani ulioifanya njia yao ijulikane haukuwa ujenzi mpya. Ulikuwa matengenezo ya kiwanda cha Du Pont cha Louisville, Kentucky, ambacho kilipaswa kuzimwa kila mara ili kifanyiwe ukarabati. Kila saa ya kuzimwa ilikuwa saa bila mapato. Kwa kawaida ukarabati ulichukua kama saa 125. Baada ya kazi kuchorwa upya kama mtandao na kupigiwa hesabu, muda ukashuka hadi saa 93. Hawakuongeza watu kila mahali. Waliongeza nguvu kwenye kazi chache tu zilizoshikilia zote, na zile nyingine wakaziacha ziende kwa mwendo wake.

Wakati huohuo jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa likijenga makombora ya Polaris, na mwaka 1958 likabuni njia inayofanana nayo, PERT, ambayo kila kazi ilipewa makadirio matatu ya muda badala ya moja. PERT ndiyo iliyopata sifa magazetini. Hapa tutabaki na Kelley, kwa sababu yeye alikuja na kitu ambacho wahandisi wengi wanaotumia programu za ratiba siku hizi hawakioni kabisa kwenye skrini zao: aliutazama mradi kama programu ya mstari.

Programu ya mstari ni tatizo la kutafuta kiasi kikubwa au kidogo kuliko vyote cha kitu fulani, huku ukifungwa na masharti ambayo yote ni ya kujumlisha na kuzidisha kwa namba zisizobadilika. Mwaka 1947 George Dantzig alikuwa amebuni njia ya kulitatua, iitwayo simpleksi, na kufikia miaka ya 1950 wanahisabati walikuwa wakiitafutia kila aina ya kazi. Kelley aliona kwamba ratiba ya ujenzi ni kazi ya namna hiyo. Akaona pia kwamba kuikokotoa kwa simpleksi ya kawaida kungeichosha hata UNIVAC, lakini kwa kuwa masharti yenyewe yana umbo la mtandao, kuna njia ya mkato inayofuata mtiririko ndani ya mtandao huo. Alichapisha misingi yake ya kihisabati mwaka 1961. Mwaka huohuo Delbert Fulkerson wa taasisi ya RAND alichapisha hesabu inayofanana nayo, na mwaka uliofuata Abraham Charnes na William Cooper wakaonyesha jinsi ratiba na mtiririko zilivyo pande mbili za tatizo moja.

Ili kuona pande hizo mbili, turudi Korogwe.

Mto Pangani, ambao wenyeji wengi wanauita Ruvu, unapita Korogwe ukielekea baharini. Handeni iko kusini-magharibi, juu zaidi, na ni kavu. Kwa hiyo tangu zamani fikra imekuwa moja: kuyasukuma maji ya Korogwe yapande Handeni. Katika miaka ya 1970 ndivyo ulivyojengwa mradi unaojulikana kwa herufi tatu, HTM, wenye chanzo kwenye mto huo katika kijiji cha Tabora wilayani Korogwe (si ile Tabora ya Unyanyembe), ukahudumia vijiji vya wilaya zote mbili. Miaka ikapita, mabomba yakazeeka, watu wakaongezeka. Tarehe 6 Juni 2022, Chamwino, mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 ilisainiwa mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Handeni na Korogwe zimo katika orodha hiyo, pamoja na Muheza na Pangani, na chanzo kilichochaguliwa ni mto uleule, eneo la Mswaha, Korogwe.

Bomba si reli. Mabomba yanabebwa kwa lori, si kwa bomba lililokwisha kulazwa, kwa hiyo mtaro unaweza kuchimbwa popote. Pampu zinaweza kutengenezwa ng'ambo wakati choteo linamwagwa zege mtoni. Nguzo za umeme zinaweza kusimikwa wakati wathamini wanapita mashambani kuandika mikorosho na mihogo ya watu. Mnyororo mmoja umegeuka mtandao, na swali la kazi ipi inashikilia zote halina tena jibu la wazi.

Tuchukue mfano mdogo wa bomba la namna hii. Namba zinazofuata ni za kufundishia tu, si za mkataba wa Serikali. Zimechaguliwa ziwe rahisi kufuata kwa kalamu. Muda wote ni wa wiki.

Upimaji na usanifu, wiki 16, unatangulia kila kitu. Baada yake kazi tano zinaweza kuanza siku moja: kuagiza na kuleta mabomba, wiki 30, kuthamini na kulipa fidia ya ardhi, wiki 26, kujenga choteo na nyumba ya pampu, wiki 34, kuagiza pampu na mota, wiki 40, na kuvuta laini ya umeme, wiki 38. Kuchimba mtaro na kulaza bomba hadi Handeni kunachukua wiki 36, na hakuwezi kuanza mpaka mabomba yafike na fidia ilipwe. Kufunga pampu kunachukua wiki 10, na kunasubiri nyumba iishe na pampu zifike. Mwisho kabisa, bomba likiwa ardhini, pampu zimefungwa na umeme umefika, kuna wiki 6 za kujaribu kwa mgandamizo, kusafisha na kufungulia maji.

Watu wengi wakiambiwa kwamba mradi unapimwa kwa njia ndefu kuliko zote wanashtuka kidogo. Msafiri hutafuta njia fupi. Lakini mradi hausafiri kwa njia moja. Unapita njia zote kwa pamoja, na unafika pale njia ya mwisho inapofika. Kwenye mfano wetu, ukipita usanifu, pampu, kufunga na jaribio, unapata 16 na 40 na 10 na 6, jumla 72. Ukipita usanifu, fidia, mtaro na jaribio, unapata 84. Ukipita usanifu, mabomba, mtaro na jaribio, unapata 88. Hakuna inayozidi hiyo. Mradi ni wa wiki 88.

Kwa kazi tisa hesabu hii inamalizika juu ya meza. Kwa kazi elfu mbili idadi ya njia inakuwa kubwa kupita kiasi, na kuzipitia moja moja hakuwezekani. Hapo ndipo programu ya mstari inapoingia. Ichukulie kila kazi kuwa mshale, na kila hatua inayokamilika kuwa kituo kati ya mishale. Tuma kipimo kimoja cha mtiririko kutoka kusainiwa kwa mkataba hadi maji kutoka bombani Handeni. Sharti ni moja tu kwa kila kituo: kinachoingia ndicho kinachotoka. Halafu ipe mashine lengo la kuongeza kadiri iwezekanavyo jumla ya muda wa mishale ambayo mtiririko umepita. Mtiririko, ukiachiwa huru kutafuta muda mrefu kuliko wote, utapita kwenye njia ndefu kuliko zote.

Likiandikwa katika umbo linalosomwa na programu huria ya GLPK, tatizo zima ni hili:

```
Maximize
 muda: 16 usanifu + 30 mabomba + 26 fidia
     + 34 choteo + 40 pampu + 38 umeme
     + 36 mtaro + 10 kufunga + 6 jaribio
Subject To
 n1: usanifu = 1
 n2: mabomba + fidia + choteo + pampu + umeme - usanifu = 0
 n3: mtaro - mabomba - fidia = 0
 n4: kufunga - choteo - pampu = 0
 n5: jaribio - mtaro - kufunga - umeme = 0
End
```

Faili likihifadhiwa kwa jina la handeni.lp, amri ya kulitatua ni hii:

```
glpsol --lp handeni.lp -o jibu.txt
```

Jibu linarudi na lengo 88. Usanifu, mabomba, mtaro na jaribio vinapata 1. Vingine vyote vinapata 0. Mtu angeweza kuhofu kwamba mashine itaugawa mtiririko, nusu huku na nusu kule, maana hakuna sharti linalodai namba kamili. Simpleksi haifanyi hivyo, na si kwa bahati. Masharti ya mtandao yana tabia kwamba kila pembe ya eneo la majibu ina sifuri na moja tu, na simpleksi daima husimama kwenye pembe. Sifa hiyo ndiyo inayomruhusu mhandisi kutumia programu ya kawaida ya mstari bila kulazimisha namba kamili, jambo ambalo lingeifanya hesabu kuwa nzito.

Upande wa pili wa jibu uko kwenye faili hilohilo, na ndio ambao wengi hawausomi. Kila programu ya mstari ina pacha wake. Pacha wa tatizo la njia ndefu hazungumzii mtiririko; anazungumzia tarehe. Anauliza: kila kituo kipewe wakati gani ili kila kazi ipate muda wake kamili, na mwanzo na mwisho vikaribiane kadiri inavyowezekana? Jibu lake pia ni 88. Katika faili la GLPK thamani za pacha zinaonekana kwenye safu ya Marginal, mbele ya kila sharti: n1 ina 88, n2 ina 72, n3 ina 42, n5 ina 6. Hizo ni wiki zinazobaki mpaka mwisho. Usanifu ukimalizika zinabaki 72. Mabomba yakifika na fidia ikilipwa zinabaki 42. Bomba likiwa chini zinabaki 6.

Na n4, kituo cha pampu kufika na nyumba kukamilika? Hapo pana mtego. Thamani yoyote kati ya 16 na 32 ni sahihi. Pampu zinaweza kuwa tayari wiki ya 56, mapema iwezekanavyo, au wiki ya 72 bila kumchelewesha mtu. Programu itachapisha thamani moja tu, na haitasema kwamba kulikuwa na nyingine. Mhandisi anayeinakili kwenye ratiba kama tarehe kamili atamfukuza msambazaji wa pampu bure, au kinyume chake atampa nafasi yote ya wiki 16 bila kujua ameitoa. Namna ya kugundua ni kutatua mara mbili: mara moja ukisogeza tarehe zote mbele kutoka mwanzo, mara ya pili ukizirudisha nyuma kutoka mwisho. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo nafasi halisi ya kila kazi. Kwenye mfano wetu pampu zina nafasi ya wiki 16, choteo 22, umeme 28, na fidia 4 tu.

Hiyo 4 ya fidia inastahili kutazamwa kwa makini. Tuseme mkandarasi anapata mabomba kiwandani mapema na anaokoa wiki 6, kutoka 30 hadi 24. Thamani ya 1 kwenye mabomba inasema kila wiki inayopunguzwa hapo ni wiki inayopunguzwa kwenye mradi mzima. Kwa hiyo atasherehekea wiki 82. Atapata 84. Wiki nne za kwanza zilikuwa faida. Mbili za mwisho zilimezwa na fidia, kwa sababu mabomba yaliposhuka chini ya 26, njia ya fidia ikawa ndiyo ndefu. Thamani inayochapishwa na programu ni ya kweli pale ulipo tu, na haikuambii mpaka wake uko umbali gani. Kelley alilijua hilo tangu mwanzo. Swali lake hasa kwa Du Pont halikuwa urefu wa njia, bali gharama: ukilipa zaidi kuharakisha kazi hii au ile, muda unashuka kwa kiasi gani, na ni kazi ipi ya kulipia baada ya hapo? Alitatua tatizo zima kwa hatua, akipunguza muda kidogo kidogo na kusimama kila njia mpya inapojiunga na ile ndefu.

Sasa mpango wa kuvutia zaidi. Meneja anaamua kuchimba mtaro kutoka pande mbili, kikosi kimoja kikitoka Korogwe na kingine Handeni, wakutane njiani. Mtaro unashuka kutoka wiki 36 hadi 20. Njia ya mabomba sasa ni 16 na 30 na 20 na 6: wiki 72. Njia ya pampu nayo ni 72. Zimelingana.

Simpleksi itachagua moja na kukaa kimya kuhusu nyingine. Ripoti ikiorodhesha kazi zenye thamani 1, huenda pampu hazitakuwamo kabisa, na hakuna atakayeuliza kuhusu meli iliyozibeba mpaka ichelewe. Hitilafu hii haina ujumbe wa kosa. Inaonekana tu kwa anayehesabu nafasi: kazi yenye mtiririko 0 na nafasi 0 iko kwenye njia ndefu kama zile zenye 1. Kuna programu nyingine zinazotumia njia ya ndani badala ya simpleksi, na hizo zikikuta njia mbili sawa hurudisha visehemu, pengine 0.5 kwa mabomba na 0.5 kwa pampu. Wanafunzi hudhani ni kosa la kuandika. Kwa hakika jibu hilo ndilo linalosema kweli zaidi.

Kosa la kuandika lina sura nyingine. Ofisi moja inaandika kwamba fidia haiwezi kuthaminiwa kabla ya usanifu wa njia ya bomba kukubaliwa. Ofisi nyingine inaandika kwamba usanifu haukubaliwi kabla ya fidia kujulikana. Kila moja ina hoja. Zikiingizwa zote mbili, mtandao unakuwa na mduara, mtiririko unaweza kuzunguka humo bila mwisho ukikusanya wiki kila mzunguko, na programu inatoa taarifa kwamba tatizo halina kikomo. Ujumbe huo ukitokea kwenye ratiba, usitafute hitilafu kwenye namba. Tafuta kazi mbili zinazosubiriana.

Yote haya yamehesabiwa kwa wiki zisizo na majira, na Tanga ina majira. Turudi kwenye mtaro wa kikosi kimoja, wa wiki 36, na kwa ajili ya zoezi tuweke wiki ya kwanza kwenye tarehe ileile ya Chamwino. Mwisho wa wiki ya 46, ambapo mtaro unapaswa kuanza, unatufikisha Aprili 24, 2023. Hiyo ni katikati ya masika. Mtaro uliofunguliwa wakati huo unajaa maji, kingo zinaporomoka, na malori ya mabomba yanazama kwenye tope la barabara za pembeni.

Programu ya mstari inaweza kulijua hilo, kwa ujanja rahisi. Ongeza mshale mmoja wa kusubiri, kutoka kusainiwa mkataba hadi kuanza kwa mtaro, wenye urefu wa wiki 52, yaani hadi Juni 5:

```
 n1: usanifu + masika = 1
 n3: mtaro - mabomba - fidia - masika = 0
```

Kwenye lengo ongeza `52 masika`. Jibu linapanda hadi 94, na mtiririko unahama. Sasa unapita masika, mtaro na jaribio. Mabomba, yaliyokuwa yakishikilia mradi mzima, yana nafasi ya wiki 6. Fidia ina 10. Hata usanifu una 6. Aliyekuwa akilipia ndege au meli ya haraka kuleta mabomba hana tena sababu ya kufanya hivyo. Kazi inayoshikilia mradi haina mkandarasi wala malipo ya ziada ya kuiharakisha, ni kalenda. Reli ya Tanga ilikuwa na mshale wa aina hii kati ya Muheza na Korogwe, miaka mitatu ya kusubiri hazina ifunguliwe, na hakuna kikosi cha mataruma ambacho kingeufupisha.

Lakini ujanja huo una mwisho wake. Mtaro ulioanza Juni 5, 2023 na kuchukua wiki 36 unaendelea hadi Februari 2024, na katikati yake kuna vuli ya mwaka ule wa El Nino. Mvua hazizuii kuanza tu. Zinarefusha kazi iliyokwisha anza, na zinairefusha zaidi au kidogo kutegemea ilianza lini. Muda unaobadilika kulingana na tarehe si namba isiyobadilika, na sharti lake si la mstari tena. Wahandisi hukwepa kwa kuugawa mtaro vipande: Korogwe hadi hapa kabla ya vuli, kutoka hapa hadi Handeni baada yake, kila kipande na muda wake. Ni makadirio, na ubora wake unategemea mtu aliyewahi kuchimba udongo huo.

Kuna pengo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1961, wakati Kelley na Fulkerson wakichapisha hisabati zao, John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika njia ya kufanya kazi hii kwa mkono, bila kompyuta, kwa ajili ya wakandarasi wa kawaida. Wengi waliifuata, na wakagundua mapema jambo ambalo mtandao wenyewe hauna mahali pa kuliandikia: vifaa na watu. Mpango wetu wa kuchimba kutoka pande mbili uliondoa wiki 16 kwa urahisi mno. Unadhani kuna eskaveta mbili na vikosi viwili vya kuunganisha mabomba. Ikiwa kuna eskaveta moja, na hiyohiyo ndiyo inayochimba msingi wa nyumba ya pampu Mswaha, basi mtaro na choteo haviwezi kwenda pamoja ingawa hakuna mshale unaoviunganisha.

Ili kuliweka hilo kwenye hesabu lazima mtu aamue kipi kitangulie, mtaro au choteo, na uamuzi wa ama hiki ama kile hauwezi kuandikwa kwa mstari. Unahitaji namba zinazolazimishwa kuwa 0 au 1. Tabia nzuri ya mtandao, ile ya kutoa majibu kamili bila kulazimishwa, inapotea papo hapo. Kwa eskaveta moja na kazi mbili unajaribu mipangilio miwili na kuchagua iliyo fupi. Kwa eskaveta tatu na kazi 40 zinazozigombea, kompyuta ya leo bado inaweza kukesha. Ndiyo maana programu nyingi za ratiba zinazouzwa, mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kusawazisha vifaa, hazitatui tatizo hilo hadi mwisho. Zinapanga kazi kwa kanuni ya kidole gumba, mara nyingi kwa kuipa kifaa kazi yenye nafasi ndogo kuliko zote, kisha zinachora upya mistari ya Gantt na kuipaka rangi nyekundu pale zinapodhani njia ndefu inapita.